Simu ya nje, sauti ya mtungini: jinsi ya kujua nani anaikatalia simu yako VoLTE

Mama mmoja muuza vitenge hapa Busia aliniletea simu yake akiwa amekata tamaa. "Fundi, wateja wangu wa Kampala wananiambia nasikika kama niko ndani ya mtungi. Na nikipiga, inakaa kimya kwanza, ndipo iite. Simu yenyewe nimeinunua ghali." Ilikuwa simu ya daraja la juu iliyotoka Korea Kusini, imetumika kidogo, kioo hakina hata mkwaruzo. Alikuwa ameshabadilisha laini, na fundi mwingine alikuwa amemwekea spika mpya ya sikioni. Hakuna kilichobadilika.

"Mama, simu yako haijaharibika," nilimwambia. "Haijui kampuni yako ya simu."

Malalamiko ya aina hii nayapata kila mara, na watu wengi wanapoteza pesa kwa kubadilisha vipuri vizima. Ugonjwa wenyewe ni simu kushindwa kupiga kwa VoLTE, yaani kupitisha sauti ndani ya 4G yenyewe. Nitaeleza njia ninayoifuata mimi, kwa mpangilio ninaoufuata, kwa sababu ukiruka hatua ya kwanza utatibu ugonjwa ambao haupo.

Kwanza, hakikisha ni ugonjwa huu

Simu ya kawaida ya tangu zamani hupitisha sehemu ndogo tu ya sauti ya mtu, kuanzia mitetemo 300 hadi 3400 kwa sekunde. Inatosha kuelewana, lakini herufi kama s na f zina nguvu yao juu zaidi ya hapo, kwa hiyo hukatwa. Sauti ya HD, ile ya mfumo uitwao AMR-WB, hupitisha kuanzia 50 hadi 7000. Tofauti unaweza kuipima kwa maneno mawili: mwambie mtu aliye upande wa pili achague moja kati ya "saini" na "faini", alitamke peke yake bila sentensi, nawe useme umesikia lipi. Mrudie mara kumi. Kwenye sauti nyembamba utakuwa unabahatisha. Kwenye HD utapata karibu yote.

Lakini kipimo hicho kina sharti. Sauti ya HD inahitaji simu zote mbili ziwe nayo, na njia yote katikati iibebe. Ukipiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, tuseme kutoka MTN kwenda Airtel, mara nyingi sauti hubadilishwa kuwa ile nyembamba pale mitandao inapokutana, hata kama simu zote mbili ni za kisasa. Basi usiihukumu simu yako kwa simu uliyompigia shemeji aliye mtandao mwingine. Tafuta mtu wa mtandao wako, mwenye simu iliyonunuliwa hapa nchini ambayo unajua inapiga kwa VoLTE, nyote mkiwa kwenye 4G.

Sasa piga, na badala ya kusikiliza, tazama alama ya mtandao juu ya kioo. Hapo ndipo jibu lilipo. Mtandao wa 4G haukujengwa na njia ya sauti ya kizamani, unabeba data tu. Simu ikitaka kupiga ikiwa kwenye 4G ina njia mbili: ama sauti igeuzwe data na ipite humohumo, na hiyo ndiyo VoLTE, ama simu ishuke kwenye 3G au 2G, ipige kule kwa njia ya zamani, kisha ikimaliza ipande tena. Ule ukimya aliousema mama kabla ya simu kuita ni muda wa kushuka.

Ukiona 4G imebaki palepale wakati mnaongea, VoLTE yako inafanya kazi, na kama sauti bado ni nyembamba basi tatizo liko upande wa pili au katikati ya njia. Ukiona 4G inageuka kuwa 3G, H ambayo nayo ni 3G, au E ambayo ni 2G, mara tu unapobonyeza kitufe cha kupiga, na inarudi baada ya kukata, simu yako haijasajiliwa kwa sauti ya 4G. Endelea kusoma. Na kama hauioni 4G kabisa hata simu ikiwa imetulia mezani, huo ni ugonjwa mwingine: laini ya zamani isiyo ya 4G, au simu isiyokamata masafa ya minara ya hapa. Mambo ya VoLTE hayahusiki bado.

Kuna jambo moja linalochanganya. Mtandao wa 3G nao unaweza kubeba AMR-WB ikiwa kampuni imewasha, kwa hiyo unaweza kusikia sauti nzuri hata simu iliposhuka. Ndiyo maana naiamini alama ya mtandao kuliko sikio.

Kitabu ndani ya simu

Watu hudhani VoLTE ni kifaa, kwamba simu inacho au haina. Simu ya mama yule inacho. Kule Korea ilikuwa ikipiga kwa HD kila siku. Kinachoamua ni profaili ya mtandao, yaani ukurasa wa maelekezo ambao mtengenezaji ameuandika ndani ya programu ya simu kwa ajili ya kila kampuni ya simu aliyoipima.

Ukiweka laini, simu husoma namba iliyomo ndani yake. Tarakimu za kwanza zinataja nchi na kampuni: 641 ni Uganda, na 64110 ni MTN Uganda. Kwa namba hiyo simu inafungua kitabu chake na kutafuta ukurasa. Ukurasa ukiwepo, simu inajua intaneti ipitie wapi, kama VoLTE iruhusiwe, kama kupiga kwa Wi-Fi kuruhusiwe, kama swichi yake ionekane kwa mteja au ifichwe. Ukurasa usipokuwepo, simu inafuata ukurasa wa jumla. Na kwenye Android, ukurasa wa jumla unasema VoLTE: hapana. Haisemi "jaribu uone". Inasema hapana mpaka mtu aandike ndiyo.

Sababu ya ukali huo naielewa. Kupiga kwa VoLTE ni maongezi marefu kati ya simu na mitambo ya kampuni: simu inajitambulisha kwenye mfumo unaoitwa IMS, inathibitishwa kwa siri iliyo ndani ya laini, wanakubaliana sauti ifungashwe vipi. Kampuni mbili zinaweza kutofautiana kwenye vipengele vidogo, na simu isiyopimwa inaweza kujisajili vizuri halafu isiite mtu anapokupigia. Mtengenezaji hataki lawama hiyo, kwa hiyo huwasha pale tu alipokubaliana na kampuni husika. Simu iliyotengenezwa kuuzwa Korea au Marekani imeandikiwa kampuni za kule. Uganda haikuwa kwenye hesabu.

Sehemu ambayo mafundi wengi wanaikosa ni kwamba vitabu ni viwili. Kimoja kiko juu, kwenye Android yenyewe, na ndicho kinachoonyesha au kuficha swichi. Cha pili kiko chini, ndani ya modemu, ile sehemu inayoongea na mnara. Kwenye simu zenye chipu za Qualcomm kitabu hicho cha chini ni mafaili yenye mwisho wa `.mbn`, kila faili na kampuni yake. Vitabu vyote viwili lazima viseme ndiyo, na juu yake laini yako iwe imefunguliwa VoLTE kwenye mitambo ya kampuni. Ni watu watatu wanaotakiwa kukubali, na mmoja tu akikataa, simu inashuka 3G. Kazi yetu ni kumjua anayekataa.

Kumtafuta anayekataa

Anza na laini, kwa sababu ni rahisi. Itoe kwenye simu ya nje, iweke kwenye simu iliyonunuliwa kwenye duka la hapa, yenye VoLTE, izime na kuiwasha, kisha piga ukitazama alama. Ikibaki 4G, kampuni imekubali na laini ni nzima, kosa liko kwenye simu ya nje. Ikishuka hata kule, piga huduma kwa wateja uulize kama namba yako imefunguliwa VoLTE na kama laini yenyewe ni ya 4G. Laini iliyotolewa miaka kumi iliyopita inaweza kuhitaji kubadilishwa, na kubadilisha laini Uganda ni lazima uende mwenyewe na kitambulisho cha taifa. Msitume mtoto.

Laini ikiwa salama, fungua mipangilio ya simu ya nje upande wa mitandao ya simu. Tafuta swichi ya `VoLTE calls`, au `4G Calling` kwenye baadhi ya simu. Kama ipo na imezimwa, iwashe, na pengine umemaliza. Kama haipo kabisa, kitabu cha juu ndicho kinachokataa. Kama ipo, imewashwa, na bado simu inashuka, kitabu cha juu kimekubali na mkataaji yuko chini, kwenye modemu.

Simu nyingi za Android, ingawa si zote, zitakuonyesha hali ya ndani ukibonyeza `*#*#4636#*#*` kwenye sehemu ya kupigia. Ingia kwenye taarifa za simu, kisha kwenye nukta tatu fungua `IMS Service Status`. Mstari wa kwanza ukisema `IMS Registration: Not Registered`, hakuna VoLTE, hata kama swichi inang'aa vipi.

Mwenye kompyuta na adb, programu ya kuiamuru simu ya Android kwa waya, anaweza kusoma kitabu cha juu moja kwa moja. Amri hizi zinasoma tu, haziharibu kitu:

```
adb shell getprop gsm.sim.operator.numeric
adb shell getprop gsm.operator.numeric
adb shell "dumpsys carrier_config | grep volte_available"
```

Amri ya kwanza inataja kampuni ya laini, ya pili inataja mnara ulioushika sasa hivi. Ya tatu ndiyo ukurasa wenyewe. Inaweza kutoa mistari kadhaa, na wa kwanza kwa kawaida ni wa ukurasa wa jumla, ambao husema `false` siku zote, kwa hiyo tazama inayofuata. Ukiona hakuna hata mstari mmoja unaosema `carrier_volte_available_bool = true`, umeshamwona anayekataa kwa macho yako. Baadhi ya watengenezaji, Samsung akiwemo, wana mipangilio yao mingine ya IMS pembeni, kwa hiyo kwenye simu hizo `true` peke yake haitoshi kukuhakikishia.

Kwa sisi wa mpakani, hizo amri mbili za kwanza zina faida ya pekee. Busia simu inaweza kuwa na laini ya Uganda lakini imeshika mnara wa Kenya. Amri ya kwanza itaanza na 641, ya pili na 639. Ukiwa hivyo uko ugenini, na VoLTE ya ugenini inahitaji makubaliano mengine kati ya kampuni mbili. Yasipokuwepo, simu itashuka tu hata kama kila kitu kingine ni sawa. Niliwahi kuhangaika na simu nzima nusu siku kwa sababu hii. Tangu hapo, kabla ya kupima chochote, nachagua mtandao kwa mkono.

Simu ya mama

Nilianza na mnara. Amri zote mbili zilitoa namba ileile ya Uganda, kwa hiyo hatukuwa ugenini. Nikapiga: 4G ikageuka H kabla sijashusha kidole, na ikachukua muda kuita. Laini yake nikaiweka kwenye simu yangu ya kazi, ya bei ya kawaida, iliyonunuliwa Kampala. Alama ya 4G haikutikisika. Alipoongea na dada yake, dada akauliza kama amenunua simu nyingine.

Nikarudi kwenye simu ya Korea. Swichi ya VoLTE haikuwepo. Namba ya modeli iliishia na N, na kwenye taarifa za programu kulikuwa na msimbo wa kampuni ya Korea, umejirudia mara tatu, ukitenganishwa na alama ya `/`. Maana yake programu nzima iliandikwa kwa ajili ya kampuni moja ya kule, na laini yetu ilikuwa inaangukia ukurasa wa jumla. Tulisasisha programu mpaka toleo la mwisho, tukaizima na kuiwasha laini ikiwa ndani. Swichi haikutokea.

Akaniuliza kama naweza kuiwekea programu ya simu kama hiyo inayouzwa huku kwetu. Nilikataa, na nitaeleza kwa nini.

Yanayowezekana na yasiyowezekana

Sasisho ni la kujaribu kwanza siku zote. Profaili huja na masasisho, na simu iliyokuwa haiijui kampuni yako mwaka jana inaweza kuijua leo. Kwa Samsung za kimataifa, zile zenye modeli inayoishia na B au F, programu moja hubeba nchi nyingi, na ukiweka laini mpya mara nyingi simu hujipanga upya na kuomba izimwe na kuwashwa. Ikubalie.

Samsung za Marekani, zinazoishia na U au U1, ni habari nyingine. Zinabadilisha profaili zenyewe, lakini kati ya kampuni za Marekani. Kuna watu wanatoza pesa kugeuza U kuwa U1, wakidai VoLTE itawaka. Hilo linaondoa programu za kampuni ya kwanza na kuleta masasisho moja kwa moja kwa mtengenezaji, lakini haliongezi ukurasa wa Uganda. Ukitaka kuiwekea programu ya modeli ya kimataifa, mara nyingi utakuta hata moyo wa simu ni tofauti: Galaxy S20 ya Marekani na ya Korea zina Snapdragon, ilhali ya kimataifa ya soko letu ina Exynos. Programu ya moja haiwezi kuendesha nyingine. Anayelazimisha anaweza kukurudishia simu isiyowaka, au iliyopoteza namba yake ya IMEI, na hapo hata kupiga kwa 3G umekwisha. Hiyo ndiyo sababu ya kumkatalia mama.

Xiaomi ni rahisi zaidi. Simu zao nyingi zina msimbo unaozima ule ukaguzi wa kitabu cha juu: bonyeza `*#*#86583#*#*` na ujumbe utatokea kusema ukaguzi wa VoLTE umezimwa. Namba hizo ni neno VOLTE kwa herufi za vitufe, kwa hiyo hutalisahau. Kwa kupiga kwa Wi-Fi ni `*#*#869434#*#*`. Swichi itatokea. Lakini kumbuka kitabu cha chini: swichi ikitokea na IMS isisajiliwe, modemu bado inakataa, na msimbo haujaigusa. Ukitumia msimbo huu, baadaye mwambie mtu akupigie mara tano simu ikiwa imezima kioo, na mpeane ujumbe mfupi. Kama simu inakosa hata moja, rudisha kama ilivyokuwa kwa msimbo uleule. Sauti nzuri haina faida kama wateja hawakupati.

Pixel haziuzwi rasmi Uganda, kwa hiyo karibu zote zilizopo hapa ni za nje na karibu zote zina tatizo hili. Kuanzia Pixel 6, kuna programu ya watu wa kujitolea inayoitwa Pixel IMS, inayofanya kazi pamoja na programu nyingine ya kuipa ruhusa, Shizuku, nayo huandika ndiyo kwenye kitabu cha juu bila kuruti simu, yaani bila kuvunja ulinzi wa mfumo wake. Imewasaidia wengi. Ila Google wamekuwa wakiziba njia inayotumiwa, kwa hiyo sasisho la mwezi mmoja linaweza kuizima VoLTE uliyoizoea. Ukinunua Pixel kwa kutegemea njia hiyo, jua unategemea kitu ambacho mtengenezaji hakukuahidi.

Kwa iPhone hakuna cha kubonyeza. Simu iliyofunguliwa huchukua faili la kampuni kulingana na laini, popote iliponunuliwa, na faili hilo huandikwa na Apple pamoja na kampuni. Ingia `Settings`, `General`, `About`, na ukae hapo kidogo. Sasisho la mtandao likiwepo litajitokeza. Apple wasipoiwasha VoLTE kwa kampuni yako, fundi hana la kufanya.

Tulipoishia, na kabla hujanunua

Kwa mama tulitafuta njia ya kuishi na hali hiyo. Laini yake ya biashara tuliihamishia kwenye simu ndogo iliyonunuliwa hapahapa, ambayo VoLTE iliwaka bila kuguswa. Simu ya Korea ikabaki ya kupiga picha za vitenge na kuzituma, kazi ambayo 4G yake inaifanya vizuri sana. Wateja wa kumpigia kwa WhatsApp wanaendelea kumpata huko, maana WhatsApp hupita kwenye data na haiulizi kitabu chochote.

Mwezi uliofuata alikuja na mdogo wake aliyekuwa anataka simu kutoka kwa muuzaji wa Kampala, pia ya nje. Nilimpa maagizo haya: nenda na laini yako, usikubali ya muuzaji. Iweke, izime simu na uiwashe, subiri 4G ikae. Tafuta swichi. Kisha mpigie dada yako, yeye akiwa kwenye simu yake ndogo, na macho yako yasitoke kwenye ile alama mpaka aseme haloo. Alirudi bila simu ya kwanza wala ya pili aliyoonyeshwa. Ya tatu alama ilibaki 4G, akalipa.